Maswali yanayoulizwa mara kwa mara: mwale unapinda wapi kabla hujachagua kauli sahihi?

Majibu haya yameandikwa kwa ajili ya wanafunzi wa kidato cha tatu na cha nne, na kwa wazazi wanaowasaidia jioni. Maswali yenyewe nimeyakusanya katika darasa la fizikia ninalofundisha hapa Moshi, na yote yanahusu aina moja ya swali la mtihani: unapewa mchoro wa mwale wa mwanga unaofika kwenye mpaka wa vitu viwili angavu, kisha unatakiwa kuchagua kauli moja iliyo sahihi kati ya nne. Maneno normali, faharasa na pembe ya kikomo nitayaeleza katika majibu yanayofuata.

Mwalimu, kwa nini unatufunikisha kauli kwa daftari kabla ya kuchora?

Kwa sababu kauli zisizo sahihi katika swali la namna hii hazitungwi kwa maneno ya uongo mtupu. Hutungwa kwa maneno ya kweli yaliyowekwa mahali pasipo pake. Kauli inayosema kwamba mwale hupinda kuelekea normali ni ya kweli mwanga unapoingia kwenye kioo, lakini si ya kweli unapotoka. Anayezisoma kauli kabla ya kuamua hujikuta akizipima kwa jinsi zinavyosikika masikioni, na zote nne zinasikika vizuri. Anayeamua kwanza huja kwenye kauli akiwa na mchoro wake uliokamilika, na kazi inayobaki ni kutafuta ni ipi inayoueleza mchoro huo.

Maamuzi yenyewe ni matatu, na yana mpangilio: kwanza, mwanga unatoka wapi kwenda wapi, pili, pembe ya kutua ni ngapi ikipimwa kutoka kwenye normali, tatu, ikiwa mwanga unakwenda upande wenye faharasa ndogo, je, pembe hiyo imevuka pembe ya kikomo? Usiruke hata moja. Makosa mengi ninayosahihisha hutokana na kuanza na la tatu.

Nitajuaje mwale unapinda kuelekea upande gani?

Chora kwanza normali, yaani mstari unaokutana na mpaka kwa pembe mraba pale pale mwale unapotua. Kisha linganisha faharasa za mpindo za pande mbili. Faharasa ya mpindo ni namba inayoonyesha mwanga umepunguziwa mwendo mara ngapi ukilinganishwa na mwendo wake katika ombwe. Hewa ni karibu 1, maji ni 1.33, na kioo cha kawaida cha maabara ni karibu 1.5. Mwanga ukiingia upande wenye faharasa kubwa hupungua mwendo na kupinda kuelekea normali. Ukiingia upande wenye faharasa ndogo huongeza mwendo na kupinda kwenda mbali na normali. Ukitua sambamba na normali yenyewe, mwendo wake hubadilika lakini haupindi hata kidogo.

Uhusiano wote umo katika mstari mmoja, ambamo `n1` ni faharasa ya upande mwanga unakotoka, `n2` ni ya upande unakoingia, `i` ni pembe ya kutua na `r` ni pembe ya mpindo:

```
n1 × sin i = n2 × sin r
```

Ninaomba sana msitumie uzito wa kitu badala ya faharasa yake. Wanafunzi wengi wamezoea kusema kwamba kitu kizito ndicho kinachopindisha mwanga zaidi, na mafuta ya taa yanaonyesha kwamba sivyo. Mafuta ya taa huelea juu ya maji kwa kuwa ni mepesi, lakini faharasa yake ni karibu 1.44, kubwa kuliko 1.33 ya maji. Kwa hiyo mwale unaopanda kutoka kwenye maji na kuingia kwenye mafuta ya taa hupinda kuelekea normali: ukitua kwa nyuzi 40, utaendelea kwa karibu nyuzi 36. Aliyeamua kwa kufuata uzito angeuchora ukipinda upande usio wake, na kauli atakayochagua itafuata kosa hilo.

Mchoro umeandikwa nyuzi 50. Kwa nini nimekosa, na hesabu yangu ni sahihi?

Angalia nyuzi 50 hizo zimeandikwa kati ya nini na nini. Katika swali lililoleta ubishi mkubwa darasani muhula huu, mwale ulikuwa ndani ya kioo chenye faharasa 1.5, ukielekea hewani, na alama ya pembe ilikuwa kati ya mwale na uso wa kioo. Karibu nusu ya darasa walichukua 50 kuwa pembe ya kutua. Pembe ya kikomo ya kioo hicho na hewa ni nyuzi 41.8, kwa hiyo walihitimisha kwamba mwale unaakisiwa kikamilifu, na kauli ya namna hiyo ilikuwapo ikiwasubiri.

Pembe ya kutua hupimwa kutoka kwenye normali. Mwale unaofanya nyuzi 50 na uso unafanya nyuzi 40 na normali, na 40 haijavuka 41.8. Mwale unatoka. Unatoka kwa shida, ukilala karibu na uso kabisa, kwa sababu `1.5 × sin 40` ni 0.964 na pembe ya mpindo inakuwa karibu nyuzi 74.6, lakini unatoka. Nyuzi kumi tu za kusoma vibaya zimetosha kubadilisha jambo lote. Ndiyo maana nasisitiza normali ichorwe kwa penseli hata kama mchoro wa mtihani haukuiweka.

Pembe ya kikomo ni nini hasa, na ipo kwenye kila mpaka?

Mwanga unapotoka upande wenye faharasa kubwa kwenda upande wenye faharasa ndogo, pembe ya mpindo huwa kubwa kuliko pembe ya kutua. Ukiendelea kuongeza pembe ya kutua, utafika mahali ambapo mwale uliopinda unalala juu ya mpaka wenyewe, yaani pembe ya mpindo ni nyuzi 90. Pembe ya kutua ya wakati huo ndiyo pembe ya kikomo. Ukiivuka, hakuna tena mwale unaotoka. Mwanga wote unarudi ndani, na huo ndio uakisi kamili wa ndani.

```
sin c = n2 / n1      (n1 ni kubwa kuliko n2)
```

Kwa maji na hewa, 1 kwa 1.33 inatoa nyuzi 48.8. Waliowahi kuogelea kwenye chemchemi ya Chemka, upande wa Boma Ng'ombe, wamekwisha kuiona pembe hii bila kuipa jina. Ukizama na kutazama juu katika maji yale maangavu, utaona anga na matawi ya miti vimejikusanya ndani ya duara moja lenye mwanga juu ya kichwa chako, na nje ya duara hilo uso wa maji unakuwa kama kioo cha kujitazamia, ukionyesha mawe na mizizi iliyo chini. Ukingo wa duara ndio pembe ya kikomo: nyuzi 48.8 kila upande wa wima, upana wa karibu nyuzi 97.5 kwa jumla.

Kwenda upande mwingine, kutoka hewani kuingia majini, pembe ya kikomo haipo. Mwanga unaotoka hewani utaingia majini kwa pembe yoyote utakayotua nayo, ijapokuwa kwa pembe kubwa sana sehemu yake kubwa huakisiwa. Kauli yoyote inayotaja uakisi kamili wa ndani kwa mwanga unaotoka hewani kwenda kwenye maji au kioo ifutwe mara moja, bila hesabu.

Tuoneshe swali moja lililofanywa lote, mwanzo hadi mwisho.

Nitatumia jiwe la nyumbani. Tanzanaiti huchimbwa Mirerani. Faharasa yake ni kati ya 1.69 na 1.70, hapa tuchukue 1.69. Ukikaa karakana karibu na mtu anayekata vito, utamwona akiligusisha jiwe kwenye sahani inayozunguka, analinyanyua, analifuta, analitazama kwa juu, kisha analirudisha. Anachokilinda ni mwinamo wa nyuso za chini, na mwinamo huo ni swali letu la mtihani katika umbo la kazi.

Mchoro ni huu. Jiwe lina uso wa juu ulio bapa, na chini lina nyuso mbili zinazokutana kwenye ncha. Kila uso wa chini umeinama nyuzi 41 kutoka usawa wa uso wa juu. Mwale unashuka wima kutoka hewani. Kauli ni nne:

A. Mwale unapinda kuelekea normali unapoingia kwenye uso wa juu.
B. Mwale unatoka kwenye uso wa kwanza wa chini ukipinda mbali na normali.
C. Mwale unaakisiwa kikamilifu kwenye nyuso zote mbili za chini, kisha unatoka juu ukipinda mbali na normali.
D. Mwale unaakisiwa kikamilifu kwenye uso wa kwanza wa chini kwa sababu pembe ya kutua ni ndogo kuliko pembe ya kikomo.

Zifunike sasa. Kwenye uso wa juu, mwale unatua sambamba na normali, kwa hiyo unaingia moja kwa moja. Unapofika kwenye uso wa kwanza wa chini unatoka 1.69 kwenda 1, yaani kwenda upande wenye faharasa ndogo, na hapo ni lazima tuulize habari ya pembe ya kikomo. Uso ukiinama nyuzi 41 kutoka usawa, normali yake nayo inainama nyuzi 41 kutoka wima. Mwale uko wima, basi pembe ya kutua ni 41. Pembe ya kikomo ya tanzanaiti na hewa inatokana na 1 kwa 1.69, nayo ni nyuzi 36.3. Imevukwa. Ukitaka kuhakikisha, jaribu kutafuta pembe ya mpindo: `1.69 × sin 41` ni 1.109, na hakuna pembe yenye saini inayozidi 1. Hesabu yenyewe inakuambia kwamba mwale wa kutoka haupo.

Mwale uliorudi unafanya nyuzi 49 na uso wa kwanza. Nyuso mbili zinakutana kwenye ncha kwa nyuzi 98. Katika pembetatu hiyo, pembe inayobaki, kati ya mwale na uso wa pili, ni 180 kutoa 98 kutoa 49, yaani 33. Kutoka kwenye normali ni 57. Hiyo nayo imevuka 36.3, kwa hiyo mwale unaakisiwa tena kikamilifu na kupanda juu ukiwa umeinama nyuzi 16 tu kutoka wima. Unatua kwenye uso wa juu kwa nyuzi 16, chini ya kikomo, na unatoka hewani kwa karibu nyuzi 28, ukiwa umepinda mbali na normali.

Funua daftari. A inasema kweli kuhusu mwale mwingine, uliotua kwa mshazari. Huu wetu haukupinda. B ingekuwa kweli kama nyuso zingeinama chini ya kikomo. D ina nusu ya jibu, kisha inatoa sababu iliyo kinyume, na hii ndiyo inayowanasa wengi kwa kuwa jicho husoma nusu ya kwanza na kuridhika. Iliyo sahihi ni C.

Kama nyuso za chini zingeinama nyuzi 30, ingekuwaje?

Pembe ya kutua ingekuwa 30, ambayo ni ndogo kuliko 36.3, na mwale ungetoka chini ya jiwe kwa karibu nyuzi 57.7. Ukilitazama jiwe kwa juu, katikati yake pangekuwa peupe, na ungeweza kuona ngozi ya kidole chako kupitia humo. Katika kazi ya kukata vito hali hiyo huitwa dirisha. Husababishwa mara nyingi na mkataji kuogopa kupoteza uzito wa jiwe bapa, akaamua kulalisha nyuso za chini.

Basi mwinamo ukizidi kuongezwa ndiyo bora?

Hapana, na swali hili ni zuri kuliko linavyoonekana, kwa sababu linaonyesha kwa nini mwale ufuatwe hadi utoke badala ya kuachwa kwenye uso wa kwanza. Chukua mwinamo wa nyuzi 50. Kwenye uso wa kwanza pembe ya kutua ni 50 na uakisi ni kamili bila shaka. Lakini mwale uliorudi unafanya nyuzi 40 na uso huo, ncha sasa ni nyuzi 80, na pembe kati ya mwale na uso wa pili inakuwa 60. Kutoka kwenye normali ni 30. Mwale unavujia kwenye uso wa pili. Kwa mwale wima katika mchoro huu, mwinamo unaorudisha mwanga juu uko kati ya nyuzi 36 na 48 hivi. Jiwe halisi lina nyuso nyingi na hupokea miale ya kila upande, kwa hiyo mkataji hutazama mengi zaidi ya haya, lakini mtihani hauvuki hapa.

Kwa nini jibu linabadilika jiwe likilowa?

Kwa sababu pembe ya kikomo si mali ya jiwe peke yake. Ni ya mpaka, na mpaka una pande mbili. Weka tone la maji chini ya uso wa kwanza wa tanzanaiti yetu ya nyuzi 41. Sasa mwanga unatoka 1.69 kwenda 1.33, na pembe ya kikomo ni nyuzi 51.9. Nyuzi 41 zilezile, ambazo zilikuwa zimevuka kikomo dhidi ya hewa, hazijakivuka dhidi ya maji, na mwale unatoka na kuingia kwenye maji kwa karibu nyuzi 56.5. Mtunzi wa swali akitaka kukupima vizuri, ataacha mchoro ulivyo na kuandika tu neno maji upande wa nje. Mwanafunzi aliyekariri kwamba kikomo cha kitu fulani ni namba fulani atakosa. Aliyeandika faharasa za pande zote mbili pembeni mwa mpaka kabla ya kukokotoa hatakosa.

Mafuta ya mwili hufanya vivyo hivyo kwa pete. Yakijikusanya chini ya jiwe, nyuso za chini zinakuwa hazigusani tena na hewa, mwanga unavuja, na jiwe linafifia hata kama halijakwaruzika.

Je, kabla ya kufikia kikomo hakuna mwanga unaoakisiwa?

Upo. Kwenye mpaka, sehemu ya mwanga kwa kawaida hupita na sehemu ndogo hurudi. Mwanga ukitua wima kati ya kioo na hewa, karibu asilimia 4 hurudi. Mwale unaorudi huongezeka nguvu kadiri pembe inavyokaribia kikomo, na baada ya kikomo ndipo wote unarudi. Kwa hiyo uitilie shaka kauli inayosema kwamba uakisi hutokea tu baada ya kikomo: neno kamili limeachwa, na bila neno hilo kauli si ya kweli.

Kwenye kipande cha kioo cha nusu duara, kwa nini mwale haupindi unapoingia upande wa mviringo?

Kwa sababu umeelekezwa kwenye kitovu cha duara, na mstari wowote unaofika kwenye kitovu hukutana na ukingo wa duara kwa pembe mraba. Hii ndiyo sababu ya kutumia umbo hilo: mpindo unabaki kwenye uso bapa peke yake, na pembe uliyoiweka nje ndiyo inayotua ndani.

Katika maabara jambo hili huharibika mara kwa mara. Kipande kikisogea milimita chache, mwale hautui tena kwenye kitovu, hupinda mara mbili, na pembe ya kikomo inayopatikana huwa kubwa au ndogo kuliko 41.8. Utalitambua kosa kwa kupima kikomo upande wa kushoto wa normali, kisha upande wa kulia. Ukipata 39 huku na 44 kule, kipande hakiko kwenye kitovu. Zungushia kipande mstari wa penseli kwenye karatasi mara tu unapokiweka, na kitazame mstari huo kabla ya kila kipimo.

Kauli zinazotaja masafa na urefu wa wimbi nizishughulikie vipi?

Kwa haraka. Masafa hayabadiliki mwanga ukivuka mpaka. Mwendo na urefu wa wimbi hubadilika pamoja: vyote hupungua ukiingia upande wenye faharasa kubwa, na vyote huongezeka ukitoka. Mwale ulioakisiwa kikamilifu haukuvuka mpaka, kwa hiyo mwendo wake ni uleule.

Na pembe ya kutua ikiwa karibu sawa na kikomo, niamueje?

Rudi kwenye hesabu bila kufupisha namba mapema. Anayeandika kwamba 1 kwa 1.5 ni 0.67 hupata kikomo cha nyuzi 42.1, na anayebaki na 0.6667 hupata 41.8. Kama swali limetoa pembe ya kutua ya nyuzi 42, wa kwanza atasema mwale unatoka na wa pili atasema unaakisiwa kikamilifu, na wa pili ndiye aliye sahihi. Njia salama zaidi ni kuiacha pembe ya kikomo na kukokotoa `n1 × sin i` moja kwa moja: hapa ni `1.5 × sin 42`, nayo ni 1.004. Upande wa nje ni hewa, na namba hiyo imezidi 1, hivyo mwale unabaki ndani.